Boksi lenye mawimbi ndani: jinsi springi na mkono mwepesi vilivyozaa roki ya mawimbi

Mwaka 1963 bendi ya vijana iliyoitwa Bel-Airs, kutoka vitongoji vya pwani kusini ya jiji la Los Angeles, ilivunjika kwa sababu ya boksi. Wapiga gitaa wake wawili, Paul Johnson na Eddie Bertrand, walikuwa wamecheza bega kwa bega tangu wakiwa wanafunzi, na wimbo wao wa mwaka 1961, "Mr. Moto", ulikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za mtindo ambao baadaye dunia iliuita roki ya mawimbi. Kisha likaingia sokoni boksi la mbao lenye springi ndani, lililotengenezwa na kampuni ya Fender. Bertrand alilitaka. Johnson hakulitaka. Hawakupatana, na Bertrand akaondoka kwenda kuunda bendi yake, Eddie and the Showmen, ambayo magitaa yake yalilowa mwangwi wa springi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ugomvi huo haukuwa mdogo kama unavyosikika. Boksi lile liligawa muziki wa pwani ya California katika nyakati mbili. Katika santuri za 1961 gitaa husikika kavu: kila noti ni safi na huisha pale mpigaji anapoiachia. Katika santuri za 1963 gitaa lilelile linarusha maji. Noti inapigwa, na nyuma yake unasikika mchirizo, mdondoko, kama kitu kimetumbukia na kurudi juu. Wapiga gitaa wa mtindo huo wana neno moja tu la kuieleza sauti hiyo: inadondoka.

Wasikilizaji wengi hudhani sauti hiyo ni ya boksi peke yake, kwamba ukilichomeka na kulifungua umekwisha kuwa mpigaji wa roki ya mawimbi. Sivyo. Springi zilikuwa zikitumika kwenye vinanda vya umeme kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo, na hakuna aliyesikia bahari ndani yake. Maji yalipatikana springi zilipokutana na mkono wa namna fulani, na mkono huo ulitangulia.

Mkono ulitangulia

Mwenye mkono huo alikuwa Dick Dale. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour. Alizaliwa Boston mwaka 1937, baba yake akiwa na asili ya Lebanoni. Katika ukoo wake kulikuwa na mzee aliyepiga udi, na huko nyumbani ndiko kijana huyo alikojifunza pia kupiga ile ngoma ya Kiarabu ya kupakatwa, ambayo wapenzi wa taarab wa Unguja na Mombasa wanaifahamu kwa jina la dumbaki. Dale alisema mara nyingi maishani mwake kwamba alilichukulia gitaa kama ngoma: mkono wa kulia na wa kushoto vilivyokuwa vikipokezana juu ya ngozi, ndivyo alivyotaka piki yake ipokezane juu ya uzi.

Piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia nyuzi, kwa wapigaji wengi wa wakati ule ilishuka tu: chini, kisha mkono unarudi juu bila kugusa kitu, kisha chini tena. Dale aliipiga ikishuka na akaipiga ikipanda, bila kupoteza hata safari moja. Kwa hiyo katika muda ambao mwingine angepiga noti moja, yeye alipiga mbili, na katika kasi yake ya kawaida noti moja ndefu iligeuka kuwa mfululizo wa mapigo mafupi yasiyokatika. Mpiga udi hufanya vivyo hivyo anapotaka noti yake idumu, kwa kuwa uzi wa udi hunyamaza upesi.

Familia yake ilihamia kusini mwa California mwaka 1954, na huko Dale akaingia katika mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Kuanzia kiangazi cha 1961 alikuwa akipiga katika ukumbi wa Rendezvous, kwenye rasi ya Balboa, mji wa Newport Beach. Ukumbi huo ulijengwa kwa ajili ya bendi kubwa za dansi za kizazi kilichotangulia, na sasa ulijaa maelfu ya vijana waliotoka ufukweni. Mwezi Septemba mwaka huohuo alitoa "Let's Go Trippin'", wimbo usio na maneno ambao wanahistoria wengi wa muziki huutaja kuwa santuri ya kwanza ya roki ya mawimbi. Mwaka uliofuata ukaja "Misirlou", wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania uliokuwa umerekodiwa tangu miaka ya ishirini na wanamuziki wa Kigiriki. Dale aliuchukua taratibu na kuukimbiza.

Anayeisikiliza "Misirlou" kwa makini atashangaa: gitaa lake halina maji mengi kama watu wanavyokumbuka. Ni kavu, kubwa, na lina makali. Kinachosisimua mle ni mkono. Wimbo unakwenda kwa takriban mapigo 170 kwa dakika, na katika kila pigo piki inapita kwenye uzi mara nne. Hesabu yake ni rahisi: 170 mara nne ni 680 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 11 katika kila sekunde.

Mkono wa namna hiyo unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi nene. Uzi mwembamba ukipigwa kwa nguvu na kwa haraka hivyo hulegea chini ya piki, ukayumba mbali, na piki inaporudi inaukuta mahali pasipo pake. Mapigo yanakuwa hayalingani. Dale alifunga nyuzi nene kuliko za wenzake wengi, na zilitoa mlio mfupi, mzito, wenye mwanzo mkali. Cha pili ni amplifaya isiyokwaruza. Dale aliunguza amplifaya na spika nyingi kiasi kwamba Leo Fender, mwenye kiwanda cha Fullerton, na msaidizi wake Freddie Tavares walikwenda wenyewe Rendezvous kusikia kinachotokea. Matokeo yake yalikuwa amplifaya ya karibu wati 100, yenye spika ya inchi 15, ambayo iliweza kupaza sauti sana huku kila pigo likibaki na ncha yake. Ncha hiyo ya mwanzo wa noti ndiyo itakayokuja kuwa na kazi kubwa springi zitakapoingia.

Springi zilitoka kwenye simu

Springi zenyewe hazikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Wahandisi wa maabara za Bell nchini Marekani walizitumia kuiga ucheleweshaji wa sauti katika simu za masafa marefu. Sauti ikipitishwa kwenye springi huchelewa kufika upande wa pili, na hilo liliwawezesha kupima ndani ya chumba kimoja jambo ambalo kwa kawaida lingehitaji waya wa maelfu ya kilomita.

Katika miaka ya thelathini Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, aliona matumizi mengine. Vinanda vyake viliigiza vile vya makanisa, ambamo sauti hupanda kwenye dari ndefu na kurudi kwa sekunde kadhaa. Mteja aliyekiweka kinanda sebuleni, penye zulia na mapazia, alisikia sauti fupi na kavu, akalalamika. Hammond akaweka springi ndani ya kinanda ili kumpatia mwangwi wa kanisa bila kanisa. Vifaa vya kwanza vilikuwa vikubwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya sitini Hammond ilikuwa na kifaa kidogo: sanduku la bati lisilofika nusu mita, lenye springi mbili nyembamba zilizotandazwa kwa urefu.

Sanduku hilo dogo ndilo Fender walilolinunua na kulijengea boksi la mbao lenye mtambo wake wa valvu. Dale alisimulia kwamba alichokitafuta mwanzoni ni msaada wa sauti yake ya kuimba, kwa kuwa alipoishikilia noti ilikuwa tambarare, haitikisiki. Baadaye ndipo gitaa lilipochomekwa mahali pa kipaza sauti.

Kinachotokea ndani ya bati

Ili kuelewa kwa nini sauti inadondoka, inafaa kulifuata pigo moja la piki kutoka mwanzo hadi mwisho.

Umeme wa gitaa ukiingia kwenye boksi hugawanyika njia mbili. Njia moja hupita moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Hii ndiyo sauti kavu. Njia ya pili huongezwa nguvu na valvu na kupelekwa kwenye koili ndogo iliyo upande mmoja wa sanduku la bati. Mbele ya koili kuna sumaku ndogo sana iliyoshikamana na mwisho wa springi. Koili inapopata umeme sumaku inazungukazunguka kidogo, huku na huku, na kuusokota waya wa springi. Msokoto huo unasafiri mzunguko baada ya mzunguko hadi upande wa pili, unaitikisa sumaku nyingine mbele ya koili nyingine, na umeme unazaliwa upya. Umeme huo wa pili, dhaifu sana, huongezwa nguvu tena na kuchanganywa na sauti kavu.

Katika sanduku la aina hiyo safari ya kwanza huchukua takriban milisekunde 33 kwenye springi moja na 41 kwenye nyingine. Milisekunde 33 ni sehemu ya 30 ya sekunde. Springi hizo zimefanywa zitofautiane kwa makusudi, ili mwangwi wa moja uingie katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Tena, msokoto haufi wote ukifika mwisho. Sehemu yake inagonga na kurudi ulikotoka, kisha inakwenda tena, kila mara ikiwa imepungua nguvu, mpaka baada ya sekunde mbili au tatu hakuna kinachosikika.

Mpaka hapo ni mwangwi wa kawaida. Tofauti ya springi na chumba iko katika jambo moja: kwenye springi, sauti za chini na sauti za juu hazisafiri kwa mwendo mmoja. Sauti za chini hutangulia, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo inavyochelewa, hadi kufika kwenye kikomo cha takriban mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Zaidi ya hapo springi haipitishi kitu cha maana. Ni kama wakimbiaji wa mbio ndefu wanaoanza kwa kishindo kimoja: mwanzoni ni kundi, lakini kila mzunguko wa uwanja unawatenganisha zaidi. Pigo lililoingia kwenye springi likiwa nukta moja, lenye sauti za chini na za juu pamoja, linatokea upande wa pili likiwa mstari unaoanza chini na kupanda juu haraka. Sikio haliusikii mstari huo kama "tap". Linausikia kama "tyuu". Linaporudi mara ya pili mstari umerefuka, na mara ya tatu umerefuka zaidi.

Huo mpando wa haraka wa sauti, unaojirudia na kutandazika, ndio mdondoko. Chumba cha kweli hakiufanyi, wala pango, wala kanisa. Hammond angependa usiwepo, maana alikuwa akitafuta kanisa. Kwa mpiga kinanda anayeshikilia noti ndefu haukuwa tatizo kubwa, kwa kuwa noti ndefu hufunika mistari yake yenyewe: wakati "tyuu" inapotoka, noti iliyoizaa bado inalia juu yake.

Sasa mkono wa Dale unaeleweka. Ili mdondoko usikike lazima vitu viwili vitimie kwa wakati mmoja: noti ianze kwa ncha kali, yenye sauti za juu na za chini pamoja, na kisha iondoke upesi iziachie springi nafasi. Hiyo ni tabia ya noti iliyopigwa kwa nguvu kwenye uzi mnene, karibu na daraja la gitaa, huku ubavu wa kiganja ukiwa umelala juu ya nyuzi kuzibana. Uzi uliobanwa hivyo hutoa kishindo na kunyamaza. Sauti kavu inakuwa imekwisha kabla springi hazijamaliza, na kinachobaki hewani ni maji matupu.

Mpigaji akiachia kiganja na kukimbiza piki, mambo yanabadilika. Kwa mwendo wa "Misirlou", kati ya pigo na pigo kuna takriban milisekunde 88. Mwangwi wa kwanza wa springi zote mbili, ule wa 33 na wa 41, unaingia katika nafasi hiyo. Unaofuata lazima uende na kurudi kwanza, kwa hiyo unafika kwenye milisekunde ya 99 na ya 123, yaani baada ya pigo la pili kuwa limekwisha kupigwa. Kufikia pigo la kumi mistari ya mapigo yote yaliyotangulia imepandana, na huwezi tena kutenga mdondoko mmoja na mwingine. Kunakuwa na mvumo mmoja mpana nyuma ya gitaa, kama povu. Hapo ndipo siri ya mtindo huu ilipo: noti zilizobanwa hutoa matone, mkimbizo wa piki hutoa wimbi, na mpigaji anapokata ghafla wimbi linaendelea peke yake kwa sekunde moja au mbili kabla ya kutulia.

Wanafunzi wa Santa Ana

Mfano mzuri wa kuusikia mchanganyiko huo ni "Pipeline", wa bendi ya Chantays. Hawa walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari huko Santa Ana, California. Waliotunga wimbo ni Bob Spickard na Brian Carman, wapiga gitaa wa bendi. Wimbo ulikuwa na jina jingine hadi walipoona katika filamu wimbi maarufu la Hawaii linalojikunja na kuacha tundu refu ndani yake. Wakaupa jina la wimbi hilo. Waliurekodi mwaka 1962 katika studio ndogo ya Paul Buff mjini Cucamonga, mbali kidogo na pwani, na mwaka 1963 ukafika nafasi ya 4 katika chati ya Marekani.

Wimbo unafunguka kwa ishara ambayo kila mpigaji wa mtindo huu ameiiga tangu siku hiyo. Mkono wa kushoto unateleza kwenye uzi mnene kutoka juu kwenda chini huku mkono wa kulia ukiucharaza uzi huo kwa haraka. Kila pigo linakuta uzi ukiwa mahali tofauti kidogo, kwa hiyo sauti inashuka kwa vingazi vidogovidogo visivyohesabika. Springi zinapokea vingazi hivyo vyote na kuvitandaza. Na kwa kuwa kila mstari wa springi unapanda huku mteremko wa mkono ukishuka, sikio linapata miendo miwili inayopingana, ule wa gitaa ukienda chini na ule wa springi ukiruka juu, kama wimbi linapoanguka na matone yake yakaruka.

Baada ya hapo gitaa la rithim linashika mdundo kwenye nyuzi nene zilizobanwa kwa kiganja. Katika mchanganyo wa mwisho, gitaa hilo, besi na piano ya umeme vimewekwa mbele, na gitaa la solo pamoja na dramu vikawekwa nyuma. Uamuzi huo si wa kawaida, maana gitaa la solo ndilo hubeba wimbo. Lakini matokeo yake ni kwamba mapigo mafupi yaliyobanwa yako karibu na sikio na kila moja linadondoka waziwazi, na solo inasikika kama inatoka ng'ambo ya maji.

Inafaa kuulinganisha na "Wipe Out" wa bendi ya Surfaris, uliorekodiwa katika studio hiyohiyo na kufika nafasi ya 2 mwaka 1963. Ni roki ya mawimbi bila shaka, ila nguvu yake iko kwenye dramu za Ron Wilson. Ndugu hawa wawili walitoka nyumba moja, na mmoja tu ndiye aliyelowa.

Kulitumia boksi, na linavyoharibika

Boksi la Fender lilikuwa na swichi tatu za kuzungusha. Ya kwanza iliamua springi zisukumwe kwa nguvu kiasi gani. Ya pili ilipima kiasi cha mwangwi unaochanganywa na sauti kavu. Ya tatu iliamua ung'avu wa mwangwi huo. Wageni huikimbilia ya pili na kuongeza mwangwi. Wenye uzoefu huanzia kwenye ya kwanza, kwa kuwa springi zilizosukumwa kidogo hutoa ukungu laini, na zilizosukumwa kwa nguvu ndizo zinazorusha matone.

Mwaka 1963 Fender walianza kuweka springi ndani ya amplifaya zenyewe, ya kwanza ikiwa Vibroverb. Kwa mpigaji ilikuwa nafuu, mzigo mmoja badala ya miwili. Lakini amplifaya hizo zilikuja na swichi moja tu ya mwangwi, na springi zake zilisukumwa na valvu ndogo kuliko ile ya boksi. Tena, boksi hukaa kabla ya amplifaya, kwa hiyo mwangwi wake hupita katika amplifaya nzima pamoja na gitaa na kupata nguvu ileile. Ndiyo maana wapigaji wa roki ya mawimbi waliendelea kubeba boksi la pembeni hata walipokuwa na amplifaya zenye springi, na wengi wanalibeba hadi leo.

Boksi lina udhaifu wake. Springi hazijui tofauti ya sumaku na kishindo cha mguu: boksi likigongwa au jukwaa likitikisika, zinagongana na kutoa ngurumo ya radi kwenye spika. Likiwekwa juu ya amplifaya yenye sauti kubwa, mtikisiko wa spika unarudi kwenye springi, unapazwa, unarudi tena, na ukumbi mzima unasikia mvumo usiokoma. Dawa ni kuliweka sakafuni mbali na spika, juu ya kitu laini. Sanduku la bati likikaa karibu na transfoma, koili yake inaokota umeme wa ukutani na mwangwi unakuja na mngurumo. Ikitokea hivyo fundi huligeuza sanduku ili koili ya kupokea iwe mbali na transfoma.

Mwangwi ukipotea kabisa huku gitaa kavu likisikika, kuna njia rahisi ya kujua tatizo liko upande gani. Ongeza swichi ya pili, kisha gonga boksi taratibu kwa vidole. Ngurumo ikisikika, upande wa kupokea ni mzima na shida iko kwenye valvu au waya unaosukuma springi. Kukiwa kimya, shida iko kwenye koili ya kupokea, waya wake, au valvu inayoifuata. Nyaya za koili hizo ni nyembamba kama unywele na hukatika kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote ndani ya sanduku.

Kosa la mpigaji, kwa upande mwingine, hutambulika kwa sikio. Mdondoko ukipotea na kubaki ukungu, mara nyingi amplifaya imesukumwa hadi ikaanza kukwaruza; mkwaruzo unakata ncha ya kila noti, na springi hazipati pigo la kuzishtua. Noti zikichanganyikana kuwa tope, mkono wa kulia umekakamaa na mapigo hayalingani. Mkimbizo mzuri hutoka kwenye kifundo kilicholegea, na ni ncha ya piki tu inayogusa uzi. Springi haisitiri kosa la mkono, hulirudia mara kadhaa mbele ya watu.

Mbali na bahari

Sauti hiyo haikukaa California. Bendi ya Astronauts ilitoka Boulder, Colorado, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari ya karibu. Wimbo wao "Baja" wa mwaka 1963 ni miongoni mwa santuri zilizolowa kupita zote za enzi hiyo. Sydney, Australia, bendi ya Atlantics ilitoa "Bombora" mwaka huohuo. Wote walikuwa na magitaa na amplifaya zinazofanana, na boksi lilifika popote palipokuwa na duka la vyombo vya muziki.

Enzi yenyewe haikudumu. Mwezi Februari 1964 Beatles walitua Marekani, na vijana waliokuwa wakinunua nyimbo za gitaa zisizo na maneno wakahamia kwa bendi zinazoimba. Bendi nyingi za pwani zilivunjika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Miaka 30 baadaye, mwaka 1994, filamu ya Pulp Fiction ilifunguliwa kwa "Misirlou", na Dick Dale akapata kizazi kipya cha wasikilizaji. Aliendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni, na alifariki mwezi Machi 2019 akiwa na miaka 81.

Anayetaka kuisikia historia hii kwa masikio yake ana nyimbo nne za kuzitafuta, na mpangilio wake una maana. Aanze na "Mr. Moto", asikie magitaa mawili makavu yakifumana. Afuate na "Misirlou", asikilize mkono wa kulia tu. Kisha aweke "Pipeline", avae spika za masikioni, na katika sekunde za kwanza ausikilize mteremko na mstari wa springi unaoruka kinyume chake. Amalizie na "Baja", ambamo karibu kila noti inadondoka. Nyimbo zote nne kwa jumla hazifiki dakika kumi na mbili, na ya mwisho ilitoka miaka miwili tu baada ya ya kwanza.